Pembe Iliyoelekea Ukuta wa Wifi

Wifi yangu ni dada wa marehemu mume wangu, na nyumba yake imepakana na mashine yangu ya kusaga. Kati ya kibanda cha mashine na ukuta wa chumba anacholala pana njia ya kupitisha baiskeli yenye gunia, basi. Mashine niliifunga pale akiwa bado anatembea, analima, anabishana na kila mtu. Yeye mwenyewe alisema iwekwe karibu ili akiwa nyumbani ajue nani kaja kusaga na nani kaja kusengenya.

Kisha kiharusi kikampiga. Mkono wa kushoto na mguu wa kushoto vikafa, mdomo ukapinda kidogo, akili ikabaki kali kama ilivyokuwa. Akawa mtu wa kitandani. Hapo ndipo nilipojua mashine yangu inatetemesha. Nilikuwa siku zote upande wa nje, na aliye nje anasikia kelele tu. Aliyelala ndiye anayesikia ardhi.

Alikuwa na kikombe cha maji juu ya kigoda. Tukiwasha injini, kikombe kilianza kutembea chenyewe kuelekea ukingoni. Nikiingia kumgeuza, alinyoosha kidole kwenye kikombe. Mimi nakisogeza katikati ya kigoda, namgeuza, natoka, na mashine inaendelea kusaga. Niliyafanya hayo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Juu ya kichwa chake ufa ulikuwa umeanza ukutani, mwembamba kama uzi, nao nikauzoea.

Aliyekataa kuuzoea ni mwanawe. Anaishi Biharamulo, ana mke na nyumba nzuri ya tofali za kuchoma. Alikuja kumwona mama yake, akakaa kitandani kwake wakati tunasaga, akatoka uso umebadilika.

"Shikamoo mama," aliniambia, ingawa tulishasalimiana asubuhi. Nilijua maneno mazito yanakuja.

"Marahaba."

"Namchukua mama."

Kutoka ndani wifi akasikia. Ulimi wake ni mzito lakini sauti bado anayo. "Unamchukua nani? Mimi ni mbuzi?"

"Mama, ukuta utakuangukia."

"Uniangukie. Niliukandika mwenyewe."

Walibishana hadi chai ikapoa. Mwishoni kijana akatoa neno lake: anakwenda Biharamulo, atarudi baada ya mavuno. Akikuta kitanda bado kinatetemeka, atambeba mama yake, akitaka asitake. Aliposema hayo alinitazama mimi, hakumtazama yeye. Na wifi naye akanitazama mimi. Alichukia kuondoka katika nyumba ile kuliko alivyochukia kufa, na kubaki kwake sasa kulikuwa mikononi mwangu.

Ningeweza kuzima mashine. Naliandika hili wazi kwa sababu ndilo lililokuwa rahisi. Lakini kijiji kizima kinasaga pale muhogo na mahindi, na mimi hiyo mashine ndiyo inayonilisha. Nikatafuta fundi.

Fundi nilimpata Rusumo, mtu mzima anayechomelea magari yanayoharibika njia ya mpakani. Alikuja hadi kwetu Murukulazo kwa pikipiki, akaweka kiganja chini sakafuni mashine ikiwa inaunguruma, akaenda kuweka kiganja kwenye ukuta wa wifi, akarudi.

"Bibi, mashine yako umeifunga kwenye zege, na zege limeshikana na ardhi, na ardhi imeshikana na ukuta. Inachorusha hii, yule anakipokea chote."

"Nitoboe ardhi?"

"Tuiweke juu ya springi."

Nilimwambia mashine si gari. Akacheka, akasema hata gari lilikuwa si kitanda, na watu wanalala humo.

Alichomelea jukwaa la chuma nene, vyuma vya pembe na sahani juu yake, gumu kabisa lisilokunjika, injini na kinu vikakaa humo pamoja ili mkanda usivutane. Alivipanga kwa kusogeza huku na huku mpaka uzito ukawa katikati. Vyote pamoja na jukwaa, alisema, ni kama kilo mia sita. Kila pembe ya jukwaa ingekalia springi. Pembeni mwa kila springi alisimika bomba fupi sakafuni, na jukwaa likawa na pete ya chuma inayolizunguka bomba hilo bila kuligusa, nafasi ya unene wa penseli pande zote. Kazi ya bomba ni kuzuia jukwaa lisitembee. Alinionya kwamba pete ikigusa bomba, springi zote zimekwenda bure, maana mtetemo utapata njia nyingine ya kushuka.

Springi zenyewe alizitoa kwenye magari makuukuu. Tatu zilikuwa nzima. Ya nne, ya aina ile ile, ilikuwa imekatwa katikati na mtu aliyetaka gari lake likae chini kwa mapambo. Vipande viwili. Nilipoviona niliguna.

"Usigune, bibi. Leta gunia la mahindi."

Lilikuwa gunia la kilo mia, lililopimwa kwenye mizani. Alisimamisha springi nzima, akaweka sahani ya chuma juu, akanifanya mimi na msagaji wangu tuliinue gunia na kulikalisha, yeye akilishika lisianguke. Springi ikabonyea sentimita mbili. Alipima kwa rula. Akaweka kipande kimoja cha ile iliyokatwa, gunia lile lile. Kikabonyea sentimita moja tu.

"Kipande ni kigumu kuliko nzima?" nikauliza.

"Mara mbili. Mizunguko ni nusu, kwa hiyo kunyumbuka ni nusu." Kisha akaweka kipande juu ya kipande, sahani katikati, gunia juu. Vikabonyea sentimita mbili, sawasawa na ile nzima.

"Umeona? Zikipandana, hazigawani mzigo. Cha juu kinabeba gunia zima, na cha chini kinabeba gunia hilo hilo zima. Kila kimoja kinabonyea sentimita yake, wewe unajumlisha. Zikikaa ubavu kwa ubavu ndipo zinagawana: zote zinabonyea kiasi kimoja, kila moja inachukua sehemu yake."

Akanipigia hesabu ya jukwaa. Pembe nne zikisimama ubavu kwa ubavu chini ya kitu kigumu kisichokunjika, na kila pembe inataka kilo hamsini ili ishuke sentimita moja, basi zote pamoja zinataka kilo mia mbili kwa sentimita. Mzigo ni mia sita. Jukwaa litashuka sentimita tatu, na kila pembe itabeba kilo mia na hamsini. "Hizo sentimita tatu ndizo zitakazomponya wifi yako," alisema. "Springi isiyobonyea ni sawa na jiwe."

Nilimsikia. Nataka ijulikane kwamba nilimsikia.

Alipanga zote, akashusha jukwaa kwa jeki, likashuka sentimita tatu kila pembe kama alivyosema. Vile vipande viwili vilivyopandana alikuwa ameviweka pembe ya karibu na ukuta wa wifi. Kabla hajawasha, simu ikalia. Lori limekatika ekseli karibu na daraja la mpakani. Akakusanya vifaa.

"Bibi, msiwashe mpaka nirudi kesho. Na msiguse springi."

Akaondoka. Nikabaki natazama ile pembe. Pembe tatu zina springi nzima zinazong'aa grisi, na pembe ya mgonjwa wangu ina kitu kilichokatwa, kimewekwa kimoja juu ya kingine kama vyungu vya kuazima. Niliona aibu. Kana kwamba nimewapa wageni nyama nikampa wifi mifupa.

Huku kwetu mgonjwa anabebwa kwa machela, na kila mtu anajua kwamba wabebaji wakiongezeka mzigo unapungua. Hakuna anayembeba mtu kwa kupandana mabegani. Nikamwambia msagaji, "Hivi vipande tuviweke ubavu kwa ubavu. Vimsaidie wifi viwili, si kimoja kukaa bure juu ya mwenzake."

"Fundi alisema tusiguse."

"Fundi hana mgonjwa pale."

Msagaji ni mtu wa miaka mingi, ana watoto, lakini mimi ndiye ninayemwita kazini. Akapiga jeki. Tukachonga gogo la mti mgumu ili vipande vifikie kimo cha wenzao, tukaviweka viwili ubavu kwa ubavu juu yake. Kabla ya kushusha, juu vilikuwa sawa na springi nyingine. Tulipolegeza jeki jukwaa likaenda upande. Pembe ya wifi ikabaki juu, ile inayoitazama ng'ambo ikazama. Macho yangu yaliona. Nikasema litakaa sawa likishazoea kazi.

Kulikucha, watu wakawa wamejipanga na ndoo zao za mahindi na muhogo. Fundi hajafika. Mama mmoja akasema kwa sauti ya kunisikilizisha, "Mashine imepandishwa kitandani, sasa inalala." Wakacheka wote. Nikamwambia msagaji awashe.

Jukwaa liliyumba, kisha pete ikagonga bomba. Ikagonga tena na tena, chuma kwa chuma, ngo-ngo-ngo-ngo, upesi kuliko mtu anavyoweza kuhesabu. Haikuwa kelele ya zamani. Nilipiga ukelele azime. Kabla hajafikia ufunguo wa mafuta, nilisikia kitu kikianguka ndani ya nyumba ya wifi.

Udongo wa ukutani ulikuwa umebanduka penye ule ufa, bonge kubwa kama mkate, ukamwangukia mkono. Mkono wa kushoto. Alikuwa amelala anatazama dari, hajui. Damu inatiririka shukani na yeye hajui, maana mkono ule hausikii. Mimi ndiye niliyemwambia, "Wifi, umeumia."

Akageuza macho akautazama mkono kama wa mtu mwingine. "Sijisikii kitu," akasema. Kisha, "Usinifiche, ni mashine?"

"Ni mashine."

Nilimwosha na kumfunga. Kidonda hakikuwa kirefu, na mganga wa zahanati alikisafisha akasema kitapona. Lakini jambo lile la kuumizwa na usijue, na anayekuambia ni yule aliyekuumiza, sijalitoa kichwani.

Habari zilifika Biharamulo kabla ya saa sita mchana, simu zipo. Mwanawe alifika jioni na gari la kukodi lenye godoro nyuma. Fundi alikuwa ametangulia kidogo tu, bado ana mafuta ya lori mikononi. Kijana akamwendea moja kwa moja.

"Wewe ndiye uliyemwekea mama yangu vyuma chakavu?"

Fundi akafungua mdomo. Nikamtangulia.

"Mwache. Aliviweka sawa, nikavigeuza mimi. Alinikataza."

Kijana akanyamaza. Ningependelea angenitukana. Mtu anayenyamaza mbele ya mkubwa wake kwa adabu anakuachia useme yote mwenyewe.

Fundi hakunipa pole wala hakuniaibisha. Alichuchumaa na rula yake, akapima pembe zote nne, kutoka kimo cha springi bila mzigo hadi zilipokuwa sasa. Akatuita tuone.

"Pembe hii ya ukutani imeshuka kidogo, haifiki hata sentimita moja. Ile ya mkabala wake imeshuka karibu sentimita tatu na robo tatu. Hizi mbili za pembeni, mbili na kitu. Jukwaa halikunjiki, bibi. Ukiizuia pembe moja isishuke, halipindi kukuridhisha. Linainama lote."

"Na mzigo?" Niliuliza mimi. Nilitaka kujua kabisa.

"Vipande viwili vigumu ubavu kwa ubavu vinataka kilo mia mbili kwa sentimita moja. Vimeshuka pungufu ya moja, kwa hiyo vimebeba kilo mia na themanini na tano hivi. Nusu kwa nusu, kila kipande karibu tisini na mbili. Ile ya mkabala ni laini lakini imezama sana, nayo ni mia na themanini na tano. Hizi mbili za pembeni kila moja mia na kumi na tano. Jumlisha."

Kijana alijumlisha kichwani. "Mia sita."

"Mia sita ile ile. Mzigo haukupungua hata chembe. Umehama tu."

Nikasema, "Kwa hiyo pembe ya wifi niliyotaka kuipunguzia..."

"Umeiongezea kilo thelathini na tano. Na umeifanya ngumu. Na jukwaa likainama, pete zikakamata mabomba."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anavyosoma rula. Msagaji wangu alikuwa amesimama mlangoni anatazama viatu vyake, na hilo nalo nililiona: mtu mzima anaona haya kwa kosa alilolikataa kwa mdomo wake.

Fundi akamgeukia kijana. "Kaka, nipe muda kabla giza halijaingia. Nitarudisha vipande vipandane. Ukiona ukuta unatetemeka, mchukue mama na mimi nitakusaidia kumbeba."

Kijana alitazama gari, akatazama dirisha la mama yake. "Kabla giza halijaingia," akasema.

Wakapiga jeki, wakatoa gogo langu, wakapandanisha vipande na sahani katikati. Jukwaa likashuka likakaa sawa. Rula ikasema tatu, tatu, tatu, tatu. Fundi akapitisha kalamu ya penseli kati ya kila pete na kila bomba, ikapita kote.

Mimi nilikwenda kukaa na wifi. Kijana naye akaingia. Tulimweleza kinachotaka kufanyika, lakini alikuwa ameshasikia yote kupitia dirishani, hata yale niliyodhani nimeyasema kwa sauti ndogo.

"Nigeuzeni nilalie upande mbovu," akasema.

Tukamgeuza, tukauweka mkono wenye kidonda salama juu ya mto. Akanyoosha mkono mzima akabandika kiganja ukutani, chini ya pale palipobanduka. Kijana akapiga kelele dirishani, "Washa!"

Injini ikakohoa. Mwanzoni kiganja chake kilitikisika, nikaona vidole vinajikunja. Fundi alikuwa ameshasema kwamba injini ikiwa bado polepole jukwaa litacheza, kisha likitulia ndiyo basi. Injini ikashika mwendo. Msagaji akamwaga mahindi, kinu kikaanza kunguruma kwa nguvu zake zote, kelele zimejaa chumba hata hatusikilizani.

Wifi alifumba macho. Hakutoa kiganja. Mwanawe naye akaweka cha kwake kando ya cha mama yake. Nikataka kuweka cha kwangu, nikauzuia mkono wangu. Niliona si mahali pangu.

Alikaa hivyo mpaka ndoo nzima ya mahindi ikasagika. Kisha akamwambia mwanawe jambo, na kijana akainama asikie, akasimama akatoka nje. Nilimwona dirishani anasema na dereva. Godoro halikushushwa wala mtu hakupakiwa. Gari likageuza likaondoka tupu, yeye akabaki kulala.

Mashine ilipozimwa nilimwuliza wifi, "Umemwambia nini?"

"Nimemwambia kelele nazisikia, ukuta umenyamaza."

Nikashukuru Mungu kwa sauti. Akanikatiza.

"Usishangilie. Nimebaki kwa sababu ni kwangu. Sijabaki kwa ajili yako." Alipumua, maana maneno marefu yanamchosha. "Siku zote hizo ulikuwa unasogeza kikombe. Ulikuwa unakisogeza, wifi, unatoka."

Nilijua angesema kuhusu mkono, nilikuwa nimejiandaa kwa mkono. Kumbe mkono alishauacha. Kosa la pembe lilikuwa la usiku mmoja, na nililifanya nikidhani ninamsaidia. La kikombe nililifanya najua.

"Nisamehe," nikasema.

"Ukandike huo ukuta," akasema. "Wewe. Usilete mtu."

Asubuhi kijana alitaka kunisaidia kukanyaga udongo, nikamwambia akae na mama yake. Nilichimba, nikachanganya na majani makavu, nikakanyaga kwa miguu yangu hii ya uzee mpaka udongo ukashikana. Nilisimama kichwani mwa kitanda chake nakandika, na yeye amelala chini yangu anatazama. Nilipopitisha mkono kulainisha alisema, "Hapo pana shimo." Nikajaza. "Na hapo." Nikajaza. Nje watu walikuwa wamekuja na ndoo zao, msagaji akawasha, na sote wawili, bila kuambiana, tukatulia kidogo tunautazama udongo mbichi kama utadondoka.

Haukudondoka. "Endelea," akasema wifi. "Bado upande wa juu."